Krupu Kali: Dawa ya Ukungu na Saa za Kungoja Kituoni

Kipindi cha afya ya mtoto. Maneno ya kusomwa hewani na msomaji mmoja.

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu.)

Leo nazungumza nawe kuhusu mtoto anayekohoa kama mbwa anavyobweka. Nitakueleza dawa moja anayopewa kwa mashine kituoni hali yake ikiwa mbaya, kiasi anachopewa na wakati wa kuirudia. Nitakaa zaidi kwenye jambo linalowagombanisha wazazi na wauguzi kila mara, nalo ni kwa nini mtoto akishapona mbele ya macho yako unaambiwa bado usiondoke.

Ugonjwa wenyewe unaitwa krupu. Huwapata hasa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, ingawa mkubwa kidogo pia anaweza kuupata. Unaanza kama mafua ya kawaida: kamasi, homa kidogo, mtoto hana raha. Baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi ni usiku, sauti yake inakauka na kikohozi kinageuka. Hakisikiki tena kama kikohozi cha kifua. Kinabweka. Anayekisikia mara moja hakisahau.

Usikichanganye na kifaduro. Mwenye kifaduro anakohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kupumua, halafu anavuta hewa kwa mlio mrefu, na hali hiyo humsumbua kwa wiki nyingi. Usikichanganye na pumu pia. Mwenye pumu analia filimbi kifuani anapotoa pumzi. Mwenye krupu mlio wake uko kooni, na unasikika anapovuta pumzi kuingia ndani. Ukiweza kumweleza muuguzi jambo hilo moja, kwamba mlio unatoka pumzi inapoingia au inapotoka, umemsaidia sana, kwa sababu dawa ya pumu haifungui koo la mtoto mwenye krupu.

Mlio huo unatoka wapi? Chini kidogo ya mahali sauti inapotokea, njia ya hewa inapita ndani ya pete ngumu iliyozunguka pande zote. Virusi vya mafua vikifika hapo, ngozi laini ya ndani inavimba. Kwa kuwa pete haipanuki, uvimbe unakosa pa kwenda isipokuwa ndani, penye njia ya hewa. Kwa mtoto mchanga njia hiyo ina upana wa karibu milimita 4 tu. Ikivimba milimita 1 kuzunguka pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya hewa kupita inakuwa robo tu ya ile ya mwanzo. Mtu mzima mwenye uvimbe huohuo anakauka sauti na kwenda shambani kama kawaida. Mtoto anapigania pumzi.

Sasa, si kila krupu ni kali, na krupu nyepesi ndiyo iliyo nyingi. Mtoto anabweka akikohoa, mlio unasikika akilia tu au akicheza kwa nguvu, lakini akitulia unapotea, ananyonya na anacheka. Huyo pia mpeleke akaonekane, lakini hahitaji mashine. Krupu kali ni ile ambayo mtoto ametulia kifuani pako, halii, hakimbii, na bado kila pumzi inaingia kwa mlio. Mfunue nguo umwangalie kifua. Anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani badala ya kupanda. Anapumua haraka. Hanyonyi kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Ukiona midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au kijivu, au mtoto amelegea na hajali tena nani amembeba, hapo hakuna kusubiri mapambazuko.

Kabla ya kufika kituoni, mambo ya kutofanya ni mengi kuliko ya kufanya. Usimwingize kidole wala kijiko mdomoni kutafuta kilichokwama. Koo likisumbuliwa katika hali ile linaweza kuziba kabisa. Usimpeleke kwa fundi wa kukata kimeo. Najua wapo wanaoamini kimeo kirefu ndicho chanzo cha kikohozi, lakini kimeo kiko juu, mdomoni, na uvimbe wa krupu uko chini kabisa, penye hewa. Kukata kunaleta damu na uvimbe mwingine kwa mtoto ambaye njia yake imebaki uzi. Usimfukize kwa mvuke wa maji ya moto chini ya blanketi. Mvuke haupunguzi uvimbe huo, na watoto wameungua kwa sufuria zilizomwagika. Mbebe akiwa amekaa wima, mkao anaoupenda yeye mwenyewe, mwongeleshe taratibu asilie, na uende.

Tumchukue sasa mtoto mmoja wa mfano ili tuone kazi ilivyo. Ni msichana wa miezi 11, ana kilo 8. Amekuwa na mafua tangu juzi. Saa 6 usiku ameamka akibweka, na saa 7 na dakika 10 mama yake anaingia naye kwenye kituo cha afya cha kambi. Mlio unasikika tangu mlangoni, mtoto ametulia mgongoni, na mbavu zinabonyea.

Muuguzi mzuri hamnyakui mtoto kutoka kwa mama. Anamwambia mama akae, ampakate. Utaona kana kwamba hana haraka, lakini anafanya hivyo kwa makusudi. Mtoto akilia anavuta hewa kwa nguvu, na kuta laini za koo lililovimba zinavutwa pamoja, njia inazidi kubana. Kwa hiyo hachomwi sindano kama si lazima na haangaliwi koo kwa kijiti. Anapimwa uzito kama anatulia, anafungwa kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu, na ikiwa imeshuka anawekewa oksijeni.

Kitu cha kwanza anachopewa ni dawa ya kunywa iitwayo deksamethasoni. Inatolewa mara moja tu, kwa kiasi cha miligramu 0.6 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa kilo 8 ni miligramu 4.8. Kituo kikiwa na ampuli zilizoandikwa 4 mg/ml, hiyo ni mililita 1.2, na dawa hiyo ya sindano inaweza kunyweshwa mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Mama akiona ampuli ikivunjwa na mtoto akinyweshwa asishangae. Mtoto akiitapika papo hapo, mwambie muuguzi. Mtoto asiyeweza kumeza kabisa ndiye anayechomwa.

Dawa hii ndiyo inayopunguza uvimbe wenyewe, na nguvu yake inadumu kwa zaidi ya siku moja. Ila inachukua saa kadhaa kufanya kazi vizuri. Binti yetu, saa 7 na robo usiku, hana saa kadhaa za kungoja. Hapo ndipo inapoingia dawa ya pili, adrenalini.

Adrenalini ni dawa ileile ambayo daktari humchoma mtu aliyepatwa na mzio mkali, au anayoitumia moyo wa mgonjwa unaposimama. Hapa haichomwi. Inawekwa kwenye kikombe kidogo cha mashine ya nebulaiza, mashine inaigeuza kuwa ukungu mwembamba, na mtoto anavuta ukungu huo kupitia kinyago kilichowekwa usoni. Ukungu unatua juu ya ngozi ya ndani iliyovimba na kuibana mishipa midogo ya damu iliyo hapo. Maji yaliyokuwa yakivuja kutoka kwenye mishipa hiyo na kujaza uvimbe yanapungua, na njia ya hewa inafunguka kidogo. Virusi haviguswi. Ugonjwa uko palepale. Kilichobadilika ni upana wa mlango.

Kuhusu kiasi, nitakwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo wazazi waliokwisha kupita kambi mbili wanapoingiwa na wasiwasi. Ampuli inayotumika imeandikwa 1 mg/ml, au 1:1000, na mara nyingi ina mililita 1. Wako wanaofuata mwongozo wa Madaktari Wasio na Mipaka, ambao unahesabu kwa uzito: nusu mililita kwa kila kilo, isizidi mililita 5. Binti yetu wa kilo 8 atapata mililita 4, yaani ampuli nne. Mtoto wa kilo 6 atapata mililita 3, na muuguzi atamwongezea mililita 1 ya maji safi ya chumvi ya hospitali ili kikombe kipate ujazo wa kutosha kutoa ukungu. Mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5, na wa kilo 14 anapata mililita 5 zilezile, kwa kuwa hapo ndipo kikomo.

Wengine wanafuata kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha huduma za watoto hospitalini. Hicho kinasema mililita 2 za adrenalini hiyohiyo ya 1:1000 kwa nebulaiza. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kupewa ampuli mbili kambi moja na ampuli nne kambi nyingine, na wote wawili wakawa wamefanya sawa. Mtoto mmoja hakupunjwa na mwingine hakuzidishiwa. Kila kituo kinashika mwongozo wake, na ni afadhali kikashika mmoja kuliko kuchanganya. Mimi, ampuli zikiwepo, naona kuhesabu kwa uzito kuna faida kwa mtoto mzito mwenye hali mbaya. Ampuli zikiwa chache, kiasi cha mililita 2 kinaacha akiba ya kurudia, na kurudia nako kuna maana kubwa, kama utakavyosikia.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama ampuli nne za dawa ya moyo haziwezi kumuua mtoto. Swali ni zuri. Kiasi kile kikichomwa mshipani kingekuwa hatari kubwa sana, na ndiyo maana mhudumu makini anatamka kwa sauti, "hii ni ya nebulaiza," na bomba lenye dawa hiyo haliachwi mezani pamoja na mabomba ya sindano. Lakini ikivutwa kama ukungu, sehemu kubwa inapotea hewani na kwenye kinyago, na kinachofika kinatua kooni zaidi kuliko kuingia kwenye damu. Ipo adrenalini nyingine iliyo dhaifu mara kumi, iliyoandikwa 1:10,000. Hiyo ina kazi nyingine, na haitakiwi kwenye kikombe hiki. Na ampuli isichukuliwe kwenda nayo nyumbani kumnywesha mtoto baadaye. Tumbo linaiharibu dawa hiyo kabla haijafika popote.

Turudi kwa binti. Saa 7 na dakika 20 nebulaiza inawashwa. Umeme ukiwa umekatika, inaweza kuendeshwa kwa mtungi wa oksijeni unaotoa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mashine ndogo za kuchuja oksijeni kutoka hewani, zile za lita 5, kwa kawaida hazina msukumo wa kutosha, na ukungu unatoka hafifu kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Muuguzi akisogeza mtungi mzito wakati mashine ndogo ipo pale pale, sasa unajua sababu.

Mama ndiye anayeshika kinyago. Kinatakiwa kigusane na uso, pua na mdomo vyote viwe ndani. Kikishikwa mbali kidogo, ukungu unapita shavuni na mtoto anapata kidogo sana. Akikikataa kabisa na kuanza kulia kwa nguvu, muuguzi anaweza kukubali kikae mbele kidogo ya uso hadi atulie, kwa sababu kilio nacho kinamdhuru. Hapo kazi ni yako, mama: wimbo wako anaoujua na harufu yako vitamtuliza kuliko chochote kilicho kabatini.

Dawa inakwenda kwa kama dakika 20. Wakati huo muuguzi anahesabu mapigo ya moyo. Moyo utaenda mbio, mtoto anaweza kupauka, hasa kuzunguka mdomo, na mikono ikatetemeka. Hayo yanatokana na dawa na yanapita. Mapigo yakizidi 200 kwa dakika, mashine inazimwa.

Saa 7 na dakika 40 kikombe kimekwisha. Saa 8 kasorobo mlio umepungua. Saa 8 kamili mtoto ananyonya. Mbavu hazibonyei tena, na mlio unasikika tu akikohoa. Kwa kawaida nafuu huonekana ndani ya nusu saa, na mara nyingine mapema zaidi. Mama anamshukuru Mungu, anafunga kitenge, anatafuta kandambili zake. Ana watoto wengine wawili wamelala peke yao na mlango umefungwa kwa kamba.

Hapa, mama, nakuomba uketi tena nikueleze.

Ile adrenalini iliyobana mishipa inakwisha nguvu. Kazi yake inadumu takriban saa 2. Ikiisha, mishipa inafunguka na maji yanaweza kuvuja tena, na kwa baadhi ya watoto uvimbe unarudi ulipokuwa. Kama umeondoka saa 8, basi saa 10 kasorobo usiku, wakati umelala fofofo, mtoto anaweza kuanza upya, na safari hii uko nyumbani, pikipiki haipatikani, na nusu ya njia ni giza. Dawa ya kunywa nayo, ile inayodumu, ilitolewa saa 7 na robo na inahitaji muda kushika. Unachongoja pale kituoni ni makabidhiano. Ya ukungu inashuka, ya kunywa inapanda, na tunataka mtoto awe mbele ya macho yetu wakati zinapopishana.

Kwa hiyo saa za kungoja zinahesabiwa tangu ukungu wa mwisho ulipokwisha, na si tangu ulipofika mlangoni. Chini ya saa 2 ni mapema mno. Wengi hungoja saa 3 hadi 4, na kwa kambi yenye giza, mvua na umbali, mimi nasema 4, na kama zimeangukia usiku basi ni hadi kupambazuke. Mtoto aliyekuja na krupu kali kama huyu, kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinataka alazwe, si kuangaliwa tu kwenye benchi. Kuhusu wale wawili waliobaki nyumbani, mwambie muuguzi mapema. Jirani au mhudumu wa afya wa jamii anaweza kutumwa. Mama mwenye wasiwasi wa nyumbani ndiye anayetoroka saa 9, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Na kweli, kwa binti yetu, saa 9 na robo mlio unarudi. Amelala, halii, na kila pumzi inavuta mlio. Mbavu zinabonyea. Muuguzi anaweka tena mililita 4, kuanzia saa 9 na dakika 20 hadi saa 10 kasoro dakika 20.

Je, inaruhusiwa kurudia? Ndiyo. Mwongozo wa Madaktari Wasio na Mipaka unaruhusu kurudia kila baada ya dakika 20 ikiwa dalili za ukali bado zipo. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinasema ikiwa dawa imesaidia, irudiwe kila saa 1 kwa uangalizi wa karibu. Kinachoamua ni kifua na koo la mtoto. Mtoto aliyetulia, anayenyonya, ambaye mlio umeondoka, harudiwi dawa eti saa imegonga. Na mtoto ambaye mbavu zimezama dakika 20 baada ya dozi ya kwanza haachwi kungoja saa itimie. Dawa ya kunywa hairudiwi pamoja nayo. Ile ilitolewa na bado ipo mwilini.

Dozi ya pili ikitolewa, saa za kungoja zinaanza upya kuanzia mwisho wake. Na aliyehitaji ya pili hana mjadala tena, analazwa. Ikihitajika ya tatu, hapo daktari anapaswa kuwa ameitwa na gari la wagonjwa limeulizwa liko wapi, kwa sababu mtoto huyo anaweza kuhitaji kuwekewa mpira wa kupumulia kooni, na kazi hiyo inafanyika hospitali yenye watu na vifaa. Simu hiyo ipigwe mtoto akiwa bado na nguvu.

Usiku huo, wewe uliyempakata ndiye uliye karibu naye kuliko mashine yoyote. Nataka ujue kitu kimoja kinachodanganya hata wahudumu. Mlio ukipungua, huenda mtoto amepata nafuu, au huenda amechoka. Mlio unatengenezwa na hewa inayopita kwa nguvu. Mtoto aliyeishiwa nguvu anavuta hewa kidogo, na hewa kidogo haina kelele. Kwa hiyo mlio unapopungua, angalia vitu vingine vitatu kabla ya kufurahi: mbavu zimeacha kubonyea, rangi ya midomo imerudi, na mtoto anakutambua na anataka titi. Vikienda pamoja, ni nafuu. Mlio ukipotea lakini mbavu bado zinazama, au amekuwa kama kitambaa mikononi mwako, au uso umepauka na jasho linatoka, piga kelele hapo hapo. Usione haya kumwamsha muuguzi.

Kuna watoto ambao ukungu hauwasaidii kabisa, na hilo nalo lina maana. Ikiwa dozi mbili zimepita bila mabadiliko, pengine tatizo si krupu. Mtoto aliyekuwa mzima, akacheza na punje za mahindi au maharage, kisha ghafla akapaliwa bila mafua wala homa, huenda kitu kimeingia njia ya hewa. Mwambie muuguzi alikuwa anacheza na nini. Mtoto mwenye homa kali anayetoa udenda, hawezi kumeza mate na anakaa ameinama mbele, ana uvimbe mwingine ulio juu zaidi. Mtoto mwenye homa kali anayeonekana mgonjwa mno licha ya dawa anaweza kuwa na bakteria kwenye njia ya hewa, na huyo anahitaji antibiotiki na hospitali kubwa. Halafu kuna dondakoo, ambayo kwa watoto wasiochanjwa huleta utando wa kijivu kooni na shingo kuvimba. Ndiyo sababu muuguzi anakuuliza kadi ya chanjo saa 7 za usiku. Kama kadi ilipotea njiani mlipokimbia, sema tu ilipotea, na sema chanjo unazokumbuka.

Krupu ya kawaida, kwa kuwa ni ya virusi, haihitaji antibiotiki. Ukiondoka bila vidonge hivyo, hukunyimwa.

Binti yetu alilala wodini. Asubuhi alikunywa uji. Hadi saa 8 mchana, saa kumi na zaidi tangu ukungu wa mwisho, hakuwa na mlio akiwa ametulia, mbavu zake zilikuwa zinapanda vizuri, oksijeni ilikuwa sawa, ananyonya na kurusha miguu. Hapo ndipo akaruhusiwa. Sauti yake bado ilikuwa imekauka na alikuwa anabweka mara moja moja. Hilo litaendelea siku chache, na peke yake si sababu ya kurudi.

Sababu ya kurudi ni ile ile ya mwanzo: mlio wa pumzi inayoingia mtoto akiwa ametulia. Usiku wa kwanza nyumbani lala naye karibu, na kila unapoamka weka sikio karibu na mdomo wake, kisha mwinue nguo uangalie mbavu kwa mwanga wa tochi au simu. Ukiusikia mlio, usingoje kuona kama utapita. Beba karatasi ya kituo yenye saa ya dozi na uzito wake, ili anayempokea asianze kuhesabu upya, na uondoke.

(Muziki unapanda.)